«Kumufwata kwa karibu» ni kufanya nini?

*Mwalimu, mambo. Ku kaye ya mutoto wangu wameandika hivi: «Mzazi, mutoto anasumbua sana mu klasi. Alisha kuonywa mara mbili. Unaombwa kumufwata kwa karibu, na upite ku masomo siku ya ine saa mbili. Asipobadilika, atarudishwa nyumbani siku tatu.» Sasa wanataka nini? Nimuchape? Ama wameisha kumufukuza?*
Mama mmoja, Bukavu

Hapana, mama, hajafukuzwa. Ukitaka kujua unachoombwa, angalia vitenzi. «Anasumbua» na «alisha kuonywa» ni habari tu. Maombi ni mawili: «kumufwata», kwa sababu kimetanguliwa na «unaombwa», na «upite», chenye -e ya mwisho, ile inayobeba ombi au amri ya adabu. Kuchapa hakumo popote.

«Kumufwata» ndiko kunakopoteza wengi. Hakuna anayekutuma utembee nyuma ya mtoto njiani. Huku kwetu, lugha ya shule imebeba maana ya neno la Kifaransa «suivre»: kuangalia kaye yake kila jioni, kujua kazi aliyopewa, kuhakikisha ameifanya. Kiswahili sanifu kingesema «kumfuatilia». «Kwa karibu» inaongeza kwamba kuuliza «umesoma?» ukiwa jikoni hakutoshi, kaye uifungue mwenyewe.

Kwenye «asipobadilika», -sipo- ni sharti. Kurudishwa nyumbani kutakuja tu kama tabia itaendelea. Leo mtoto anaingia klasi kama kawaida. Ingekuwa «asiingie mpaka upite», hapo amezuiwa tangu sasa.

Siku nayo ina mtego. Sisi tunahesabu toka siku ya kwanza ya kazi, kwa hiyo siku ya ine ni Alhamisi. Lakini Jumanne ya sanifu, ingawa ina «nne» ndani yake, inahesabiwa toka Jumamosi, nayo iko siku mbili kabla ya Alhamisi. Mzazi aliyesoma Tanzania anaweza kufika mapema akakuta hakuna anayemungojea. Saa mbili ni ya asubuhi kwa hesabu yetu, lakini anayefikiri kwa Kifaransa anaweza kuwa na saa nane ya mchana kichwani, hasa kama klasi inasoma mchana.

Kitu kimoja barua haikusema: anasumbua namna gani? Neno hilo linameza yote, kuongea, kutembeatembea, kupigana. Mimi ningelaumu mwandishi hapo. Jibu chini yake, kisha utie sahihi:

«Mwalimu, nimesoma. Nitapita siku ya ine (Alhamisi), saa mbili za asubuhi. Naomba unieleze anafanya nini hasa, na ni wakati wa somo gani. Je, nije naye?»

Swali hilo la mwisho usiliache, maana «upite» ni wewe peke yako. Wangewataka wote wawili, wangeandika «mupite».