Makato ya mshahara Kenya, Februari 2025

"Mshahara wangu ni 60,000 kabla ya makato, haujabadilika, lakini Februari 2025 nimepokea pungufu ya 1,008. Niwaulize vipi watu wa mishahara?"

Linganisha kwanza payslipu ya Januari na ya Februari kwenye mstari wa NSSF. Kima cha juu cha mshahara unaokatwa NSSF kilipanda mwezi huo kutoka 36,000 hadi 72,000, kwa hiyo asilimia 6 yako imetoka 2,160 hadi 3,600. PAYE nayo imeshuka 432, maana NSSF hutolewa kabla ya kodi. 1,440 toa 432, ndiyo 1,008 yako.

Hesabu isipolingana, andika hivi (ukiuliza tu "mbona mmenikata?" watakujibu "ni kodi"):

"Habari. Namba yangu ya kazi ni ___. Februari nimepokea sh ___ pungufu ya Januari. Mstari wa ___ umeongezeka kwa sh ___. Naomba kujua ni makato ya nini, yamekokotolewaje na nani aliyaidhinisha. Nimeambatisha payslipu zote mbili."

– Hiyo ni SHA tu, bana.

– SHA ni asilimia 2.75 ya mshahara. Mshahara usipopanda, nayo haipandi.

– Mimi bado nakatwa mkopo wa sacco niliomaliza!

– Wewe anzia sacco, wakupe barua ya kumaliza deni. Ofisi ya mishahara haisimamishi makato bila hiyo.