Risiti ya "elfu mia saba na themanini", nisaini?

> Wakuu kesho napeleka advansi ya matofali hapa Moshi. Muuzaji kanitumia picha ya risiti aliyokwisha jaza, imeandikwa "elfu mia saba na themanini tu". Ndo hela yenyewe, nikifika ni kulipa na kusaini. Na je hundi na slipu ya mshahara nazo zinakaguliwaje maneno na tarakimu?

USISAINI. Mangi, tulia hapo hapo, hiyo sentensi inasomeka mara mbili. Wewe unaona 780,000, mwingine akitaka anasoma elfu mia saba, halafu na themanini, yani 700,080. Na wote mko sahihi, hapo ndo pabaya.

Mimi nilinunua mbao za kupaua, bei ya mzigo wote milioni nne. Nikatoa advansi 2,490,000 keshi, tumehesabu mezani mimi na bosi wa yadi. Bosi akamtajia kwa mdomo dogo aliyeshika kitabu cha risiti, "andika milioni mbili na elfu mia nne na tisini". Dogo akaandika maneno kama alivyosikia, na kwenye kiboksi cha tarakimu akaandika 2,400,090/=. Nikaangalia, macho yakaona mbili, nne, tisa na masifuri kibao katikati, nikaona fresh, nikasoma maneno nikaona ndo yale yale yaliyotajwa, nikasaini na kaboni ikabaki kwenye kitabu chao.

Wiki tatu baadaye naenda kumalizia 1,510,000, namkuta mhasibu ambaye siku ile hakuwepo, ananiambia bado 1,599,910. Nikacheka nikajua anatania. Akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye tarakimu, halafu akanisomea na maneno kwa pozi lake, "milioni mbili na elfu mia nne... na tisini". Hiyo pozi ilinigharimu 89,910. Nikamuuliza we dada, nani analipa shilingi tisini keshi, sarafu ya kumi mara ya mwisho umeishika lini? Akasema kaka, risiti ndo inaongea. Bosi aliyenihesabia hela ghafla hakumbuki kitu. Fundi yuko juu ya kenchi ananisubiri, nikatoa milioni moja na laki sita nikaondoka na mbao zangu, na chenji ya shilingi tisini hawakunipa, kwa hiyo jumla elfu tisini kamili, angalau hasara yangu haina utata wa kusoma.

Aliyeniponza zaidi ni shemeji, anajifanya aliwahi kushika mahesabu. Siku zote anatuambia "we angalia maneno tu, tarakimu achana nazo, maneno ndo bosi". Sawa shemeji, kwenye hundi sheria inasema hivyo kweli, maneno na tarakimu vikipishana kinachohesabika ni maneno, ingawa hata hapo keshia wa benki mara nyingi anakurudishia tu ukaandikiwe nyingine. Ila maneno yenyewe yakiwa na vichwa viwili utafuata kichwa kipi? Hilo hakusema. Krismasi nilimkatia kipande cha mbavu kidogo makusudi.

Sasa fanya hivi. Funika tarakimu kwa kidole gumba, soma maneno peke yake, andika kwenye simu namba unayoipata. Jaribu na kuisoma kwa ubaya, kama mtu anayetaka kukudhulumu. Zikitoka namba mbili, hiyo risiti ichanwe iandikwe upya hata kama tarakimu iko sahihi. Ikitoka moja ndo unatoa kidole, unalinganisha koma kwa koma. Hela ya kuhesabu mkononi ikiishia na kitu tofauti na sifuri tatu, shtuka.

Na neno "elfu" likae NYUMA ya fungu lake. "Laki saba na themanini elfu", hiyo haina pa kukatia. Ukiacha "laki saba na themanini" peke yake umerudi kule kule. Hata "laki saba na elfu themanini" inafaa kwa leo, ila ikija 785,000 ukaandika "elfu themanini na tano" mtu anakusomea 780,005. Andika "themanini na tano elfu", basi. Mwisho weka "tu" na upige mstari hadi ukingoni.

Ya slipu ngoja kwanza, kesho ndo unatoa hela. Huyo jamaa mpigie usiku huu huu aandike risiti nyingine, na ile ya kwanza aipige msalaba pamoja na kopi yake ya kaboni, uione kwa macho yako kabla hujafungua pochi.