Funga orodha kabla ya droo

"Nataka kufanya droo ya doti mbili za kanga Instagram, slaidi tano. Masharti: ufolo, ulaiki, utagi watatu, usheye stori. Mwisho usiku wa Ijumaa, halafu nazungusha gurudumu. Nitumie rangi gani na niposti saa ngapi?"

Dada yangu, usiposti hiyo! Droo kama hiyo ilinifanya niitwe mwizi Darajani nzima, na sikuiba hata uzi.

Mimi nilidanganywa na bwana mmoja aliyejiita mtaalamu wa matangazo. Kala pesa yangu, kaniambia masharti mengi yanakuza akaunti. Ikakua kwa matusi. Stori hutoweka baada ya saa 24, na ya akaunti ya faragha usiyoifolo huioni kabisa, sasa utajuaje nani katimiza?

Balaa lenyewe lilikuja siku ya gurudumu. Sikuwa nimeandika kama mtu mmoja ana nafasi moja au kila komenti ni nafasi. Kuna mmoja wa Fuoni alijaza komenti rundo, nikaamua papo hapo kumhesabu mara moja. Majina nikayaingiza mwenyewe, hakuna aliyeyaona, nikazungusha mubashara. Likasimama kwa binamu wa wifi yangu. Wallahi sikupanga! Ningepanga, ningechagua mtu nisiyekutana naye kwenye maulidi. Na watu hawakugombana na gurudumu, waligombana na orodha: gurudumu linachagua katika yale uliyolilisha, na aliyelilisha ni mimi.

Kwa hiyo shika hili: orodha ifungwe, ipewe namba, ibandikwe, watu wapate siku nzima ya kuipinga, ndipo uchague.

Sharti liwe moja ambalo kila mtu analiona, yaani komenti chini ya posti. Mtu mmoja nafasi moja, anayerudia inahesabiwa ya kwanza. Jamaa zako na wafanyakazi hawamo, andika wazi. Andika pia kwamba Instagram haihusiki, wenyewe wanataka hivyo. Mwisho usiseme "usiku wa Ijumaa", maana kwa wazee wetu huo ni wa kuamkia Ijumaa. Weka tarehe na saa 2:00 usiku. Na yote haya yawe ndani ya picha, kwa sababu maelezo ya chini yanaharirika baadaye, lakini picha ukishaiposti huwezi kuibadilisha.

Tuseme wamepatikana 212. Jumamosi bandika majina na namba zao. Jumapili washa video, onyesha orodha ileile, kisha andika kwenye jedwali la Google:

```
=RANDBETWEEN(1,212)
```

Fomula hii hutoa namba nyingine kila ukihariri seli yoyote, kwa hiyo tangaza mapema kwamba ya kwanza ndiyo, na video usiikate. Baada ya hapo toa na namba ya akiba mbele ya macho yao. Mshindi asipojibu ndani ya saa 48, zawadi inahamia huko, na akiwa Wete, nauli ya boti ya kuufikisha mzigo ni juu yako.