Usishuti kwa mpangilio wa hadithi

Swali la mdau: "Nina kamgahawa ka supu na chapati, tuko watatu na simu mbili, hakuna kamera. Nataka promo ya sekunde 30. Nimeandika sini 6: mama anafungua banda alfajiri, anakanda, anachoma, wateja wanaingia, wanakula, jioni anafunga. Jumla shoti 22. Jumamosi tunaanza sini ya kwanza mpaka ya mwisho. Je, orodha iko sawa?"

Mkuu, Jumamosi msianze na sini ya kwanza. Ukianza hapo, hiyo siku imekwenda.

Orodha ya shoti haipangwi kwa hadithi, inapangwa kwa mahali simu inapokaa. Hadithi inajengwa baadaye kwenye kuhariri. Kwenye hadithi yako simu inatoka mlangoni inaenda kwenye kibao cha kukandia, inaenda kwenye chuma cha chapati, inarudi mlangoni wateja wanapoingia, inaenda mezani, inarudi kwenye chuma mama anapopakua, inarudi mezani, kisha mlangoni tena. Na humo ndani ya kila sini umeandika shoti za pande mbili mbili. Tuseme simu inahama mara 14. Kila ikihama unashusha stendi, unasogeza viti, unaomba watu wapishe, unafuta lenzi, unapanga upya. Hizo ni dakika 12 bila uzembe wowote. 14 mara 12 ni dakika 168, karibu saa tatu za kubeba stendi tu. Zipange shoti hizohizo kwa sehemu 4 na kazi hiyo inakula dakika 48.

Muda si hasara kubwa kuliko zote. Rangi ndiyo inayoua. Simu ikiachwa ijiamulie, inapima mwanga na rangi upya kila unapoigeuza. Ukishuti chapati kwenye chuma asubuhi, ukaondoka, ukarudi baada ya saa moja na nusu jua likiwa limeshapanda, chapati ya kwanza itakuwa ya dhahabu na ya pili itaelekea kijivu. Zikikaa sekunde mbili mbili pamoja, mtazamaji hatajua kilichoharibika, ila ataona chakula kilicholala. Kulinganisha rangi hizo kwenye programu ya simu ni kazi ya usiku mzima, na mara nyingi haifiki. Ukikaa sehemu moja mpaka umalize kila kitu cha pale, unabonyeza kioo na kushikilia mpaka simu ifunge mwanga (kwenye iPhone yanatokea maandishi AE/AF LOCK), na shoti zote za pale zinakaribia kuwa za familia moja.

Wanaonikera ni hawa wauzaji wa templeti za "shot list ya kitaalamu" zenye safu 14, safu ya aina ya lenzi, safu ya krein, na hazina safu ya mahali simu ilipo wala ya vitu vinavyoisha. Wamenakili karatasi ya watu wenye lori la taa na msaidizi wa kila kazi, wakamuuzia mtu mwenye simu mbili na banda la mabati. Halafu wanamwambia "fuata skripti yako".

Sasa chukua daftari, tuchambue yako. Kwanza punguza. Sekunde 30 kwa shoti 22 ni kama sekunde moja na kidogo kila moja, na chakula hakionekani kitamu kwa muda huo. Baki na 12, kila moja sekunde mbili na nusu. Kisha zipe herufi: A ni kibao, B ni chuma, C ni meza ya mteja, D ni nje ukitazama mlango.

Mstari mmoja uandike hivi:

B2. Simu wima, usawa wa chuma, mlango nyuma ya chuma. Mkono unaingia kutoka kulia, unageuza chapati, mvuke unapanda, mkono unatoka. Shuti sekunde 8. Donge 1 kila rudio. Hadithi namba 5.

Linganisha na ulivyoandika wewe: "Mama anapika kwa upendo, harufu imetanda." Lenzi haioni harufu. Anayeshika simu akisoma hiyo sentensi atasimama popote, na kila mtu ataelewa lake. Maelezo ya sini yaseme nani anaingia fremu kutoka wapi, mkono unafanya nini, na kitendo kinaishia wapi. Harufu unayoitaka ni ule mvuke, na mvuke hauonekani vizuri mpaka mwanga utoke nyuma yake na nyuma kuwe na kitu cheusi. Ndiyo maana mstari unataja mlango. Egesha ubao au kitambaa cheusi pembeni ya mlango, fremu ikamate kile cheusi, mwanga uingie ubavuni mwake.

Safu ya vitu vinavyoisha usiiache. Kwenye B una shoti 3 za chuma, kila moja irudiwe mara 3, hayo ni madonge 9 ya kamera peke yake, mbali na ya wateja. Mwambie mama kabla hajakanda. Madonge yakiisha katikati, unga mpya unataka kama nusu saa ya kulala ndipo usukumike vizuri, na katika nusu saa hiyo mwanga wa mlangoni umeshahama.

Ndani ya kila herufi, anza na kile kisichorudi. Kwenye C, bakuli limejaa kabla ya kijiko cha kwanza, chapati nzima kabla ya kuchanwa. Supu ishutiwe ya kwanza kabisa inapopakuliwa, maana ikipoa mafuta yanaganda juu yakawa utando mweupe, na hakuna kichujio kinachouondoa.

D ndiyo itakayokuokolea siku. Kufungua alfajiri na kufunga jioni havihitaji siku nzima. Jua likiwa chini, kwenye video asubuhi na jioni hazitofautiani sana. Weka stendi nje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shuti mama anafungua, abadili kanga, awashe taa ya ndani, shuti anafunga. Stendi haijasogea hata kidogo. Wateja wanaoingia washutiwe hapohapo, wawe hata jirani zako wawili. Huku kwetu jua linapanda wima haraka. Ikifika saa nne utosi unang'aa na macho yamezama kwenye kivuli, kwa hiyo mpangilio wa siku ni D, kisha B, kisha A, na C mwisho kwenye kivuli cha ndani, ambako jua la nje halisumbui sana.

Simu ya pili usiichanganye na ya kwanza kwenye herufi moja. Kila aina ya simu ina rangi zake. Ipe D yote, au iache irekodi sauti karibu na chuma, ule mlio wa mafuta.

Kwa kuwa mmeshuti nje ya mpangilio, faili zitajipanga kwa saa ya kushuti, si kwa hadithi. Kabla ya kila rudio onyesha karatasi yenye "B2" mbele ya lenzi kwa sekunde moja. Anayehariri anazipanga upya kwa kufuata ile "hadithi namba 5". Na msimtumie video kwa WhatsApp kama video ya kawaida, itabanwa na ule mvuke utageuka vijiboksi. Tumeni kama Document, au kwa waya.