Shiti ya mauzo ya genge

“Nauza nyanya na vitunguu. Nipange vipi kwenye simu nijue hela inaishia wapi?”

Fungua programu ya shiti kwenye simu, kama Excel. Safu tano zinatosha: A tarehe, B maelezo, C pesa iliyoingia, D iliyotoka, E salio. Kwenye E2 andika chenji ya kuanzia, kisha E3 weka hii na uiburute chini:

```
=E2+C3-D3
```

Jana ulianza na 20,000, ukauza 85,000, tenga la nyanya 60,000, ushuru na chakula 3,000. Salio 42,000. Hesabu noti: zikiwa 39,500, basi huenda 2,500 imekopwa au imekaa kwenye simu. Andika siku hiyohiyo, kesho utasahau.

Usiandike “3,000/=”. Itakaa kushoto mwa kisanduku kama maneno, na salio litatoa `#VALUE!`.

— Mbona rahisi, mauzo toa matumizi ndiyo faida.

— Hapana kaka, hiyo ni pesa mkononi. Tenga la leo unaliuza siku tatu.

— Mimi daftari langu lililowa mvua. Hii inafanya kazi bila bando?

— Ndiyo dada, ukishaipakua programu na kuhifadhi shiti kwenye simu yenyewe. Na nyanya zilizooza mnaziandika wapi?