Maswali na majibu: Mradi unafungwa, na pesa ya kuufunga?

Wiki hii barua zimekuja nyingi, na karibu zote zinaanza vilevile: "Mradi wetu unaisha mwezi ujao." Mwezi ujao! Bajeti ya kufunga huandikwa siku mradi unapofunguliwa, lakini haya, tujibu.

Dereva wetu amekaa nasi miaka saba. Mfadhili anayeondoka anasema atalipia minne tu. Nani atalipa mitatu iliyobaki? (Mhasibu, Kisumu)

Nyinyi. Mfadhili hajakosea hata kidogo. Dereva hakuajiriwa na mradi, aliajiriwa na shirika lenu, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inahesabu miaka aliyomtumikia mwajiri. Anayeondolewa kwa sababu kazi imekwisha hulipwa mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Miaka mitatu ya mwanzo ilikuwa chini ya mfadhili mwingine, ambaye alishafunga vitabu vyake na kwenda zake.

Umesema mshahara wake ni shilingi 36,000 na kwamba mkataba wake hauna tarehe ya mwisho. Siku 15 ni nusu mwezi, yaani 18,000. Kwa miaka saba ni 126,000. Mfadhili huyu atatoa 72,000 na ninyi mtatafuta 54,000. Na mjihadhari, maana mwanasheria wa dereva akigawa mshahara kwa siku 26 za kazi badala ya 30, kila mwaka unapanda hadi karibu 20,770. Juu ya hapo kuna siku za likizo ambazo hajaenda, na mshahara wa mwezi mmoja ikiwa hamkumpa notisi.

Ungetenga shilingi 1,500 kila mwezi tangu siku ya kwanza, leo usingeniandikia. Lakini pesa zenyewe ziende kwenye akaunti ya pembeni, kwa idhini ya mfadhili iliyoandikwa. Wahasibu wengi hupiga mstari kwenye leja, wakaandika "akiba ya kuachisha kazi", halafu shilingi zenyewe wakazinunulia mafuta ya gari. Mkaguzi akifika anauliza stetimenti ya benki, si leja, na wafadhili wengi hukataa kabisa gharama ambayo ni makadirio tu.

Muombe mwenyekiti wa bodi hizo 54,000 wiki hii. Usizichomeke kwenye "mafunzo" ya mradi. Najua umeshalifikiria hilo.

Sisi wote tuko kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Tutapata hayo malipo ya siku 15? (Afisa wa nyanjani, Kakamega)

Mkataba ukifika tarehe yake umejifia wenyewe, na kwa kawaida mahakama haziuiti huo kupunguzwa kazini. Soma kama uliahidiwa kiinua mgongo. Hicho ni kitu kingine, kinatoka kwenye mkataba. Lakini mkikatizwa kabla ya tarehe kwa sababu mfadhili ameondoka, kama ilivyowapata wengi hapa magharibi mwaka 2025 miradi ya Marekani iliposimamishwa, dai lenu ni jingine na mwone afisa wa leba.

Na nyinyi waajiri msicheke. Yule askari wa geti mnayemlipa kwa siku, mwaka wa tatu sasa bila kukosa, si kibarua tena. Kifungu cha 37 kilishamtoa huko zamani. Mweke kwenye bajeti.

Barua za kuwaaga wafanyakazi tuzitoe lini, mradi ukiisha 30 Septemba?

Mwanzoni mwa Julai. Notisi ya nia ya kupunguza watu, kwa mfanyakazi na kwa afisa wa leba, haipungui mwezi mmoja. Mazungumzo yanakuja baadaye, kisha notisi ya kuachishwa kazi yenyewe. Anayeandika barua moja tarehe 1 Septemba atalipa tofauti yake mahakamani.

Tunataka kufunga akaunti ya benki siku ya mwisho ya mradi na kumrudishia mfadhili salio. Ni sawa? (Nakuru)

Hapana, hapana, hapana. Nimeulizwa hili mara ngapi?

Tuseme nanyi mnaisha 30 Septemba. Fuata shilingi zenyewe. Mshahara wa Septemba unakatwa kodi, na kodi hiyo inapelekwa KRA kabla ya tarehe 9 Oktoba kupita. Bili ya stima ya Septemba itafika Oktoba. Mkaguzi wa hesabu hawezi kukagua mwaka ambao haujaisha, kwa hiyo anaingia Oktoba, anaiandikia benki imthibitishie salio, na kulipwa anataka baada ya ripoti. Niliwahi kufika kwenye ofisi moja ambako akaunti ilifungwa kwa mbwembwe, picha zikapigwa, kisha mhasibu akalipa KRA kutoka mfukoni mwake. Hajarudishiwa mpaka leo.

Mnachofanya ni hiki. Mkataba na mkaguzi utiwe sahihi kabla ya 30 Septemba, bei ikiwa imeandikwa ndani. Kila deni lililozaliwa ndani ya mradi liorodheshwe siku ya mwisho: nani anadai, kiasi gani, kwa ankara ipi. Halafu someni mkataba wa ufadhili muone ni siku ngapi mmepewa za kulipa madeni baada ya mwisho. Ruzuku za serikali ya Marekani huwapa wapokeaji wa moja kwa moja siku 120 za kumaliza ripoti. Aliyepokea kupitia shirika jingine hupewa chache zaidi. Umoja wa Ulaya hukubali gharama ya uhakiki wa mwisho hata ikija baada ya kazi kwisha. Wafadhili wengine hawakubali hata senti baada ya tarehe, na kwa hao mnaomba ruhusa ya maandishi miezi mitatu mapema. Salio linarudi baada ya hayo yote.

Tunaweza kumuuzia meneja gari la mradi kwa bei nafuu? Amelitunza vizuri sana.

Alilitunza kwa sababu alilipwa mshahara. Mwandikieni mfadhili kwanza, mkimpa namba ya gari, kilomita na thamani ya leo kutoka kwa mthamini. Gari likiwa liliingia nchini bila ushuru, atakayelinunua au ninyi mtadaiwa ushuru huo kabla ya logibuku kubadilishwa jina, na "bei nafuu" itaisha hapo hapo.

Mwenye nyumba anataka ofisi yake. Maboksi 40 ya vocha tuyapeleke wapi, na kwa muda gani? (Ahero)

Kumbukumbu za kodi na za wafanyakazi, miaka mitano. Za mfadhili, soma mkataba. Ukidai mrefu zaidi, fuata huo. Maboksi 40 hayafiki 40 ukitoa nakala za nakala na fomu tupu. Kwa kawaida nusu inatosha.

Risiti za mafuta za karatasi ile laini ya mashine zitoe fotokopi sasa. Fungua faili la miaka miwili iliyopita uone: zimebaki nyeupe kama karatasi ya chapati, na mkaguzi hakubali kitu kisichosomeka. Kodi ya stoo ilipwe kwa mkupuo kabla ya mradi kuisha, kwa ankara moja na idhini ya mfadhili, kwa kuwa mwaka wa pili hakutakuwa na wa kulipa. Huko kwenu Ahero, maboksi yakae juu ya rafu za chuma, mbali na sakafu. Mafuriko ya Nyando unayajua kuliko mimi, na mchwa pia.

Na kama mradi wenu ni wa afya, faili za wagonjwa zisiingie humo kabisa. Hizo zibaki hospitalini zilikotoka, na laptopu yenye majina yao isipewe shule yoyote kabla diski haijafutwa na mtu anayejua kufuta.