Majira manne hayagawanywi kwa nne

"Wakuu, nachora bango la majira manne kwa ajili ya darasa la jiografia. Nimegawa mwaka kwa nne, kila majira siku 91 na robo. Je, niko sawa?"

Futa hizo siku 91 na robo kabla wino haujakauka. Majira ya kiastronomia hugawanywa kwa pembe, si kwa siku: kila moja ni nyuzi 90 za safari ya dunia kulizunguka jua, na dunia haisafiri kwa mwendo mmoja mwaka mzima.

Chukua mwaka 2025. Ikwinoksi ya Machi, yaani wakati jua linapokuwa juu ya ikweta kabisa, ilitokea tarehe 20, mnamo saa sita mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Ukiongeza majira mawili kwa hesabu yako, ikwinoksi ya pili inaangukia usiku wa manane wa kuamkia tarehe 19 Septemba. Ilitokea tarehe 22, baada ya saa tatu usiku. Umekosea kwa karibu siku nne, na mwanafunzi mwenye kalenda atakuuliza mbele ya wenzake. Nusu hiyo ya mwaka ilichukua siku 186 na saa 9, ilhali nusu iliyofuata, hadi Machi 2026, ilichukua siku 178 na saa 20 tu, ingawa kila moja ni nyuzi 180 zilezile.

Sababu ni kwamba mwanzoni mwa Januari dunia huwa karibu zaidi na jua, kilomita milioni 147, na hukimbia kilomita 30.3 kwa sekunde. Mwanzoni mwa Julai huwa umbali wa milioni 152, na mwendo hushuka hadi 29.3. Mwanaastronomia Kepler alieleza mwaka 1609 kwamba mstari unaounganisha sayari na jua hufagia maeneo sawa katika muda sawa, kwa hiyo karibu na jua, ambako mstari ni mfupi, pembe hupitwa upesi. Ndiyo maana majira ya Desemba hadi Machi ndiyo mafupi kuliko yote, siku 89 hivi, na ya Juni hadi Septemba ndiyo marefu, karibu siku 94.

Sasa, aliyechora kitabu kimoja nilichokitumia, chenye obiti, yaani njia ya dunia, iliyobonyea kama yai, angepaswa kunilipa gharama ya karatasi. Nilimwiga kwa uaminifu, na bango langu likafaa banda la kuku kuliko darasa. Duaradufu hii karibu ni duara kamili: ukiichora kwa upana wa mita moja, kipenyo kifupi kinapungua kwa milimita 0.14, pungufu ya unene wa ncha ya kalamu yako. Kinachoonekana ni kwamba jua haliko katikati. Chora duara la kawaida la upana huohuo kwa bikari, kisha lisogeze jua milimita 8 kutoka katikati kuelekea upande wa Januari. Kwenye jua hilo, wala si kwenye katikati ya duara, ndipo uweke kipimapembe na kukata nyuzi 90 mara nne, ukianzia Machi.